Kupanga karatasi ya mchoro wa nyumba: hesabu ya skeli hutangulia kidirisha

Wachoraji wengi wanaoanza kutumia AutoCAD huimaliza ramani ya nyumba kwanza, kisha hufungua ukurasa wa Layout na kuanza kuvuta mchoro huku na kule hadi uonekane umekaa vizuri. Mimi nashauri utaratibu wa kinyume. Ukubwa wa karatasi, skeli na mahali pa kila kitu viamuliwe kwa kalamu na karatasi chakavu, na kompyuta ije baadaye kutekeleza kilichokwisha kuamuliwa. Hesabu yenyewe ni ya kuzidisha na kutoa tu, na haichukui hata robo saa.

Tuchukue nyumba ya familia ya vyumba vitatu vya kulala, yenye urefu wa mita 14.4 na upana wa mita 10.8, itakayojengwa kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30. Mteja anahitaji karatasi ya A3 itakayobeba mpango wa sakafu, mpango wa kiwanja na jedwali la milango na madirisha. A3 iliyolazwa ina milimita 420 kwa 297. Upande wa kushoto naacha milimita 20, kwa sababu huko ndiko karatasi zitakakotobolewa na kufungwa pamoja, na pande nyingine tatu naacha milimita 10 kila mmoja. Ndani ya fremu zinabaki milimita 390 kwa 277. Ukanda wa kisanduku cha taarifa naupa milimita 60 upande wa kulia, kuanzia juu hadi chini. Kwa hiyo nafasi halisi ya kuchorea ni milimita 330 kwa 277, na hiyo ndiyo namba ya kuanzia hesabu, wala si ile 420 iliyoandikwa kwenye pakiti ya karatasi.

Kwa skeli ya 1:50 nyumba yetu ingekuwa na milimita 288 kwa 216 kwenye karatasi, na mtu angeridhika kwamba inaenea. Lakini ukuta wa nje hauendi peke yake; unafuatwa na safu tatu za vipimo, yaani safu ya nafasi za milango na madirisha, safu ya kuta na safu ya urefu mzima. Safu ya kwanza huiweka milimita 10 kutoka ukutani na kila inayofuata milimita 8 mbele yake, kwa hiyo pamoja na maandishi kila upande unakula milimita 30 hivi. Ukiongeza 60 kwenye urefu na 60 kwenye upana, unapata 348 kwa 276. Upande mmoja umeshavuka 330. Hapa ndipo ninapoona watu wakichagua 1:55 au 1:60 ili mradi mchoro uingie. Hilo halifai, kwa kuwa skeli rula ya fundi haina upande wa 1:55. Ama karatasi ipande kuwa A2, ama skeli ishuke kuwa 1:100.

Kwa 1:100 nyumba inakuwa milimita 144 kwa 108, na pamoja na vipimo vyake inahitaji 204 kwa 168. Kulia kwake zinabaki milimita 126. Kiwanja kwa skeli ya 1:200 kina milimita 100 kwa 150. Nikiacha milimita 10 kati ya michoro miwili na milimita 8 kila upande wa kiwanja kwa ajili ya vipimo vya mipaka, zile 126 zinakwisha zote bila kubaki. Chini ya mpango wa sakafu panabaki kimo cha milimita 109, ambacho kinatosha jina la mchoro na jedwali la milango na madirisha. Karatasi imeshapangika, na bado sijagusa kompyuta.

Ndani ya AutoCAD kanuni ni moja: nyumba huchorwa kwenye Model kwa ukubwa wake wa kweli, ukuta wa mita 3 ukiwa na 3000, na karatasi huandaliwa kwenye Layout kwa ukubwa wake wa kweli, fremu ikiwa na 390 kwa 277. Hakuna upande unaopunguzwa wala kukuzwa. Anayepunguza ni kidirisha peke yake, yaani kile ambacho programu hukiita Viewport. Kwa sababu hiyo skeli ni mali ya kidirisha na si mali ya karatasi, na ndiyo maana karatasi yetu inaweza kubeba 1:100 na 1:200 kwa pamoja. Kwenye dirisha la Page Setup chagua karatasi ya A3 katika milimita, na sehemu ya Scale iwe 1:1. Ukiweka Fit to paper hapo, hesabu zote za juu zimepotea.

Kidirisha hutengenezwa kwa amri ya MVIEW. Unabofya kona ya kwanza mahali ulipopangia, kisha unaandika ukubwa uliokwisha kuupata, yaani @204,168. Baada ya hapo unaingia ndani yake na kukipa skeli:

```
MSPACE
ZOOM
1/100XP
PSPACE
```

Herufi XP ndizo zinazoiambia programu kwamba uwiano huo unapimwa dhidi ya karatasi. Mchoro ukikaa pembeni, usogeze kwa PAN, maana PAN haibadilishi skeli. Kisha, kabla ya kufanya lolote lingine, kichague kidirisha na kwenye Properties uweke Display locked iwe Yes.

Nasisitiza kufuli hilo kwa sababu kasoro inayotokana na kulisahau haionekani kwa macho. Mtu akiingia ndani ya kidirisha kilicho wazi ili arekebishe jina la chumba, akazungusha gurudumu la kipanya kidogo tu, skeli inahama kutoka 1:100 hadi, tuseme, 1:97.3. Ramani inaonekana ileile. Vipimo vilivyoandikwa bado ni sahihi, kwa kuwa vinasoma Model. Ila chumba cha mita 3, ambacho kilipaswa kuwa na milimita 30 kwenye karatasi, sasa kina karibu 30.8, na mkadiriaji majenzi anayepima kwa skeli rula sehemu isiyoandikwa kipimo atasoma mita 3.08. Nimewahi kupokea seti ya namna hiyo kutoka ofisi nyingine, na urefu wa jumla wa kuta haukulingana na wa mchoraji hata kwa mbali. Dalili yake ni rahisi kuitambua: ukikichagua kidirisha, Standard scale husomeka Custom, na chini yake Custom scale huonyesha desimali ya ajabu kama 0.0103 badala ya 0.01.

Mpango wa kiwanja una shida yake. Mafaili ya wapima ardhi kwa kawaida huwa katika mita, kwa hiyo upande wa kiwanja chetu utasomeka 20 na si 20000. Ukilifungulia faili hilo kidirisha na kuchagua 1:200 kwenye orodha, kiwanja kizima kitageuka nukta ya sehemu ya kumi ya milimita, na utadhani kimefutika. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kulikuza faili mara 1000 unapoliingiza kwenye mchoro wa nyumba, na hii ndiyo ninayoipendelea, kwa kuwa kila kitu kinabaki katika milimita. Ya pili ni kuliacha katika mita na kukipa kidirisha chake 5XP, yaani 1000 kugawanya kwa 200. Njia ya pili ni sahihi kihesabu, lakini mchoraji atakayelirithi faili hilo atapata taabu kuelewa kwa nini skeli inasomeka 5:1.

Katika kidirisha cha kiwanja hatuhitaji vipimo vya ndani ya nyumba, fanicha wala majina ya vyumba. Kwa 1:200 vyote hivyo hugeuka masizi. Usizime leya hizo kwa jumla, maana zitapotea na kwenye mpango wa sakafu. Ingia ndani ya kidirisha cha kiwanja, fungua orodha ya leya na ugandishe kwa safu ya VP Freeze, ambayo huathiri kidirisha hicho pekee. Fremu za vidirisha nazo ziwe na leya yake iliyozuiliwa kuchapwa, ama sivyo kila mchoro utatoka umezungushiwa boksi lisilo na kazi.

Kuhusu maandishi, kimo cha milimita 2.5 kwenye karatasi ndicho cha chini ninachokubali kwa A3. Jina la mchoro, jedwali na kisanduku cha taarifa huandikwa kwenye Layout, hivyo 2.5 inabaki 2.5. Maandishi yaliyo ndani ya Model kwa skeli ya 1:100 yanahitaji kimo cha 250, na yale ya kiwanja kwa 1:200 yanahitaji 500, isipokuwa kama umeyafanya Annotative, ambapo programu hupiga hesabu hiyo yenyewe.

Kisanduku cha taarifa kisiwe mahali pa kuonyesha nembo kubwa. Kona ya chini kulia iwe ya namba ya mchoro, kwa mfano A-101, kwa kuwa seti ikifungwa kushoto, kona hiyo ndiyo inayoonekana mtu akipekua. Juu yake liwepo jina la mchoro, kisha tarehe, aliyechora, aliyekagua na skeli. Juu zaidi ziwepo taarifa za mradi: namba ya kiwanja, kitalu, eneo na jina la mmiliki, zikiandikwa herufi kwa herufi kama zilivyo kwenye hati. Acha nafasi tupu ya kutosha kwa muhuri wa msanifu majengo, na nyingine kwa jedwali la marekebisho lenye herufi, tarehe na maelezo mafupi ya kilichobadilika. Kwa kuwa karatasi yetu ina skeli mbili, sehemu ya skeli iandikwe «kama inavyoonyeshwa», na kila mchoro uandikwe skeli yake chini ya jina lake pamoja na ukubwa wa karatasi, yaani «1:100 kwenye A3». Mtu akiichapa kwenye A4 atajua kwamba namba hiyo haimhusu tena. Mstari wa skeli uliogawanywa kwa mita ni wa lazima kwangu, kwa kuwa wenyewe hupungua pamoja na mchoro.

Mwisho ni kuchapa na kupima. Toa PDF kwa DWG To PDF.pc3 na monochrome.ctb, kisha pima karatasi iliyotoka kwa rula ya kawaida: ukuta wa mita 14.4 uwe na milimita 144. Ukipata takriban 140, usirudi kukigusa kidirisha. Mara nyingi tatizo liko kwenye programu ya kusomea PDF, ambayo imeachwa kwenye Fit na hivyo kuupunguza mchoro ili usiguse ukingo ambao printa haifiki. Chagua Actual size na uchape upya. Kwenye duka la kuchapishia, ambako huwezi kusimamia kila kitufe, naandika maagizo hayo kwenye jina la faili lenyewe, na bado naenda na rula.