Profaili ya kwanza kwa simu ya bei rahisi: usianze kwa kufungua akaunti

Dada mmoja msomaji wangu ameniandikia: "Kaka, nina simu ya kawaida tu, bando langu ni la kubana, nataka kufungua profaili ya kutafuta kazi mtandaoni. Nianze na jukwaa gani?" Nilikuwa nimpe jibu la mstari mmoja, nikaona swali lenyewe limeanza mwisho. Jukwaa ni jambo la baadaye kabisa. Nawe unayesoma hapa najua unataka hicho hicho anachokitaka yeye, kwa hiyo nawajibu wote kwa pamoja.

Nilipokuwa nataka kuanza, niliuliza kwenye kundi moja la watu wanaofanya kazi mtandaoni. Jamaa mmoja, mzoefu, akanijibu mbele ya watu wote: "Bila kompyuta usijisumbue." Wakafuata wengine na vicheko. Sikumjibu, na mpaka leo sijamjibu, ila juzi mteja wangu wa muda mrefu aliponiongezea kazi, nakiri jamaa yule alinijia kichwani. Profaili iliyoniletea mteja huyo niliitengeneza yote kwa simu ya RAM ya GB 2, kioo kikiwa kimepasuka pembeni.

Kazi yangu ni unukuzi: nasikiliza sauti za Kiswahili na kuziandika neno kwa neno, mahojiano hasa. Naitumia kama mfano kwa sababu ndiyo ninayoijua, lakini mpangilio ni ule ule ukiwa mfasiri au mwandishi.

Nilianza na sampuli, kabla ya akaunti, kabla hata ya barua pepe. Mteja hamjui mtu mpya. Hana nyota, hana maoni ya wateja wengine. Kitu pekee anachoweza kukikagua ni kazi uliyokwisha kuifanya, na kazi hiyo unaweza kuitengeneza nyumbani bila kuwasha data hata kidogo. Mimi nilimwomba shangazi yangu anisimulie jinsi alivyoanza biashara yake, nikamwambia wazi kwamba sehemu ya maneno yake nitaionyesha watu, akakubali. Nikamrekodi kwa kinasa sauti cha simu, nikachukua dakika mbili tu.

Kuandika kwa vidole gumba huku unasikiliza ni kazi ya subira. Ukitoka kwenye daftari, ile programu ya kuandikia maandishi kwenye simu, kwenda kusimamisha sauti, halafu ukarudi, halafu ukatoka tena, utachoka na simu itachoka. Mimi nilikuwa nacheza sauti kwa kicheza muziki, nikibaki kwenye daftari. Nikitaka kusimamisha nateremsha pazia la arifa kutoka juu, kitufe cha kusimamisha kipo pale pale. Matokeo yalikuwa hivi, M ni mimi, S ni shangazi:

00:41 M: Mtaji wa kwanza uliupata wapi?
00:44 S: Mtaji? [anacheka] Nilikuwa na, nilikuwa na kitu kidogo tu.
01:12 S: Nikamwambia [haisikiki 01:13] asubuhi nitakuja.

Tazama mstari wa mwisho. Pale shangazi alifunikwa na sauti ya mlango, na mimi sikubuni neno. Tazama pia wa katikati, alivyorudia "nilikuwa na": sikumrekebisha, kwa sababu unukuzi wa neno kwa neno unataka yaliyosemwa, si yaliyokusudiwa. Mteja anayeijua kazi hii atakupima kwa vitu viwili hivyo. Sampuli ndefu isiyo na alama hizo haina faida. Ukurasa mmoja wenye alama hizo unatosha. Nikaugeuza kuwa PDF kwa njia ya kuchapisha iliyomo ndani ya Android yenyewe, ile unayochagua "Save as PDF" badala ya printa. Ukurasa wa maandishi matupu ni faili dogo, hauli bando lako ukiupakia.

Baada ya sampuli ndipo nikaandika maneno ya profaili, bado data imezimwa. Kichwa kwanza. Jukwaa la Upwork kwa mfano linakupa herufi 70 pamoja na nafasi, kwa hiyo huwezi kujisifu pale, utataja kazi tu. Changu kilikuwa na maana hii: "Mnukuzi wa sauti za Kiswahili: mahojiano na mijadala ya vikundi." Nilikiandika kwa Kiingereza kwa sababu wateja wengi niliowalenga wanasoma Kiingereza. Naona watu wanaandika "Mnukuzi, mfasiri, mbunifu, mhudumu wa data" wakidhani wanatega mitego mingi. Hapana. Mteja mwenye saa tano za mahojiano anamtafuta mnukuzi, na akikuona wewe ni kila kitu atakupita.

Kisha maelezo. Kwenye orodha ya matokeo mteja huona mistari michache ya mwanzo tu, mingine imefichwa mpaka abonyeze. Kwa hiyo usiitumie mistari hiyo kusalimia wala kusema wewe ni mchapakazi. Mimi mstari wa kwanza nilisema ninageuza sauti za Kiswahili kuwa maandishi yenye alama za muda, na kwamba nisichokisikia nakiwekea alama badala ya kukisia. Mstari wa pili nikaelekeza kwenye sampuli. Basi. Aya za historia yangu zilikaa chini, na sidhani kama kuna mtu amewahi kuzisoma.

Picha sitaieleza sana. Simama ukiutazama mwanga wa dirisha, mtu mwingine akupige kwa kamera ya nyuma, maana ya mbele kwenye simu zetu hizi ni dhaifu. Picha ikiwa nzito, ifungue ijae skrini, piga picha ya skrini, halafu ikate iwe mraba. Skrini yenye upana wa pikseli 720 inakupa mraba wa 720 kwa 720, unatosha kabisa kwa picha ya profaili, na hujapakua programu yoyote ya kupunguza picha.

Sasa nifike kwenye kinachowaangusha watu wenye simu kama zetu, nacho si bando. Ni RAM, kumbukumbu ambayo simu inaitumia kushikilia programu ulizozifungua. Unajaza fomu kwenye kivinjari, unatoka kidogo kwenda kunakili maelezo yako kwenye daftari, unarudi: skrini nyeupe, ule mstari mwembamba juu unakimbia upya, na kila ulichojaza hakipo. Simu haijaharibika, wala jukwaa halijakukataa. RAM ikiwa ndogo, Android inaweza kukiondoa kivinjari kwenye kumbukumbu unapofungua programu nyingine, na ukirudi ukurasa unapakiwa upya kutoka mtandaoni. Umepoteza maandishi, na umelipa data mara mbili kwa ukurasa ule ule. Nimeona watu wakikata tamaa hapo hapo, wakisema mtandao una ubaguzi. Ubaguzi gani, ndugu yangu, ni RAM!

Dawa ni kutotoka kwenye kivinjari. Kibodi ya Gboard ina ubao wa kunakili. Gusa alama yake juu ya herufi, uuwashe. Kabla ya kuwasha data, nenda kwenye daftari, nakili kichwa, nakili maelezo, nakili kila kipande unachokihitaji, kimoja kimoja. Kisha kwenye ubao huo bonyeza kila kipande kwa muda, uchague "Pin" ili kibanwe, kwa sababu kisichobanwa hufutika baada ya saa moja. Ukishaingia kwenye fomu, unagusa kisanduku, unafungua ubao, unabandika. Nywila usiiweke humo kamwe, kwa kuwa yeyote atakayeshika simu yako ataiona. Na kila sehemu ya fomu ikimalizika, hifadhi kabla ya kwenda nyingine.

Namba ya uthibitisho nayo ina mtego huo huo. SMS ikiingia, usifungue programu ya ujumbe. Teremsha pazia la arifa, isome namba pale, lirudishe pazia juu, iandike namba. Ikichelewa, subiri, kisha omba itumwe tena. Usifungue akaunti nyingine kwa barua pepe nyingine ukidhani ya kwanza imeharibika. Hapa nasema kwa ukali makusudi: majukwaa haya yanataka mtu mmoja akaunti moja, na akaunti ya pili iliyofunguliwa kwa haraka inaweza kuzifungia zote mbili. Dada aliyeniandikia aliniambia pia kwamba katika kujaribu tayari amefungua mbili. Dada yangu, kabla ya lolote, waandikie huduma kwa wateja, waombe wafunge moja, uwaeleze ilivyotokea.

Kuna wanaotumia Opera Mini kubana bando. Kwa kusoma ni nzuri sana, naitumia mwenyewe. Lakini kwenye ubanaji wake mkali zaidi ukurasa hupitishwa kwanza kwenye seva zao ndipo ukufikie ukiwa umepunguzwa, na fomu nzito mara nyingi hazifanyi kazi hapo: unabonyeza kitufe, hakuna kinachotokea. Fomu jaza kwa Chrome. Kuokoa bando, washa "Data Saver" kwenye mipangilio ya simu ili programu nyingine zisinywe data kimyakimya, na kwenye Play Store weka masasisho yasubiri Wi-Fi. Programu ya jukwaa lenyewe usiipakue bado. Itakufaa baadaye utakapohitaji arifa za wateja. Ukikuta kitufe hakionekani kwenye Chrome, gusa vitone vitatu, chagua "Desktop site", maliza unachotaka, kisha ukizime, maana ukurasa wa aina hiyo ni mzito na herufi zake zinakuwa ndogo kama sisimizi.

Vitu vingi kwenye profaili utavirekebisha hata mwaka ujao: kichwa, maelezo, bei, picha. Jina silo. Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho chako, kwa mpangilio ule ule, bila jina la utani na bila kufupisha la katikati kama kitambulisho hakikulifupisha. Baadaye utaombwa kupiga picha kitambulisho na uso wako, na majina yasipolingana akaunti inasimama wakati ambao pengine mteja tayari anakusubiri. Barua pepe nayo iwe ile utakayoendelea kuwa nayo simu hii ikiibiwa. Namba zake za akiba, zile za kukurudisha kwenye barua pepe hiyo simu ikipotea, ziandike kwenye karatasi, si kwenye simu hiyo hiyo.

Hatua ya kitambulisho usiifanye bando likiwa mkiani. Picha zikikatika katikati utaanza upya, na majukwaa mengine hukuwekea kikomo cha kujaribu. Ifanye mchana, kitambulisho kikiwa juu ya kitu cheusi kisichong'aa, lenzi umeifuta. Ukiona herufi za kitambulisho huzisomi wewe mwenyewe kwenye skrini, usitume, piga nyingine.

Na jukwaa gani? Dada, sampuli yako ikiwa tayari, fungua tangazo moja moja la kazi unayoiweza, uone wateja wa kazi hiyo wako wapi wengi. Matangazo mengi unaweza kuyasoma bila akaunti, na kwa hilo Opera Mini inatosha.