Ruhusa ya kuzima mashine na hukumu ya kifo: mambo mawili katika utoaji wa viungo

Swali: Daktari, shikamoo. Nasoma shahada ya uzamili ya maadili ya tiba Dar es Salaam. Makala nyingi zinasema wanazuoni wa Kiislamu wamekubali kifo cha ubongo kwa sababu wameruhusu mashine ya kupumulia iondolewe, na kwamba Kanisa Katoliki nalo limekubali. Je, ruhusa hiyo inatosha kusema mgonjwa huyo anaweza kutolewa moyo na ini? Mbona wapo masheikh wanaokubali mashine izimwe lakini hawataki viungo viguswe?

Jibu: Marahaba. Hapana, haitoshi, na hao masheikh hawajipingi. Daktari anaweza kuzima mashine kwa hoja mbili tofauti. Ya kwanza ni kwamba mgonjwa amekwisha kufa, kwa hiyo mashine inapuliza hewa ndani ya maiti. Ya pili ni kwamba mgonjwa bado yu hai, ila tiba hii haina faida tena na hakuna anayewajibika kuiendeleza. Hoja zote mbili zinaishia kitandani kwa kitendo kilekile, lakini ni ya kwanza tu inayofungua mlango wa kutoa moyo unaodunda, kwa kuwa moyo hautolewi kwa mtu aliye hai.

Katika fiqhi ya zama hizi tofauti hiyo imeandikwa wazi, na nadhani makala ulizosoma zimeunganisha maazimio mawili yasiyofanana. La kwanza lilitolewa Amman, Oktoba 1986, na Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi iliyo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu. Linasema mtu anahesabiwa amekufa kisharia, na hukumu zote za kifo zinamfuata, ikionekana moja ya alama mbili: moyo na pumzi kusimama kabisa pasipo kurejea, au kazi zote za ubongo kusimama kabisa, madaktari bingwa wakathibitisha kwamba hazirejei na kwamba ubongo umeanza kuoza. Mwaka 1988, katika kikao cha Jeddah, majmaa hiyohiyo ilijenga azimio lake la upandikizaji juu ya maana hiyo ya kifo.

La pili lilitolewa Makka mwaka 1987 na baraza la fiqhi la Rabita, jumuiya ya Waislamu wa dunia yenye makao yake Makka. Nalo linaruhusu mashine iondolewe pale jopo la madaktari bingwa watatu linapoamua kwamba ubongo umesimama moja kwa moja. Ila linaongeza sharti zito: mgonjwa hahukumiwi kuwa amekufa kisharia mpaka pumzi na moyo visimame kabisa baada ya mashine kuondolewa. Kwa hiyo Makka imeruhusu kuzima kwa hoja ya pili. Aliyelazwa pale ni mgonjwa asiyelazimika kutibiwa, na bado si maiti. Kanuni iliyo nyuma ya msimamo huo utaijua kama umesoma usuli: yakini haiondolewi na shaka. Uhai wake ulikuwa yakini jana, basi hauondoki leo kwa alama ambayo wataalamu wenyewe wanabishana juu yake.

Tuweke jambo hili kitandani. Kisa hiki nimekitunga kwa ajili ya darasa, lakini taratibu zake ni za kweli. Dereva wa basi mzaliwa wa Unguja, umri miaka 46, anaanguka kazini London kwa kuvuja damu kichwani. Uingereza nimeichagua kwa makusudi. Wazanzibari na watu wa mwambao wanaishi huko, na tangu 2020 sheria ya Uingereza inamhesabu mtu mzima kuwa ameridhia kutoa viungo isipokuwa alikataa, ingawa familia bado inaulizwa.

Jumanne alasiri madaktari wawili wanapima shina la ubongo. Kwanza wanajiridhisha kwamba chanzo cha kupoteza fahamu kinajulikana, kwamba mwili haujapoa, na kwamba dawa za usingizi zimetoka. Mboni hazijikunji kwa mwanga, jicho halipepesi likiguswa, maji ya barafu sikioni hayasogezi macho, mrija kooni hauleti kikohozi. Mwisho wanamtenga na mashine huku oksijeni ikiendelea kuingia, na kuangalia kama kupanda kwa kaboni dioksaidi katika damu kutamfanya avute pumzi. Havuti. Vipimo vinarudiwa mara ya pili, navyo vinatoa jibu lilelile. Kwa utaratibu wa Kiingereza, saa ya kifo inayoandikwa ni ile ya kumalizika kwa vipimo vya awamu ya kwanza. Tuseme ni saa kumi na dakika ishirini alasiri.

Hapa mwanafunzi makini anapaswa kusita. Azimio la Amman linataka kazi zote za ubongo ziwe zimesimama na ubongo uwe umeanza kuoza. Vipimo vya kitandani havipimi kuoza, na kwa Uingereza vinalenga shina la ubongo tu. Tazama mkojo wa dereva wetu: hautoki kwa wingi usio wa kawaida, na sodiamu ya damu iko sawa. Maana yake ni kwamba hipothalamasi huenda bado inatoa homoni inayozuia maji yasipotee. Sehemu hiyo ni ya ubongo, na inafanya kazi. Mwongozo wa Marekani wa 2023 unasema kazi hiyo ya homoni haizuii kutangaza kifo cha ubongo. Baraza la sharia la Waislamu wa Uingereza, katika fatwa yake ya 1995, lilikubali kifo cha shina la ubongo moja kwa moja. Lakini anayelisoma azimio la Amman neno kwa neno ana haki ya kuuliza kama dereva huyu ametimiza alama ya pili. Kwa maoni yangu swali hilo halijajibiwa vya kutosha, na ni dhaifu kulijibu kwa kusema tu kwamba vipimo vimekubalika kimataifa.

Familia inafuata msimamo wa Makka. Wanakubali mashine iondolewe, na mkewe anasema mumewe aliwahi kutaja kwamba angependa figo zake zimfae mtu. Mashine inaondolewa Jumatano adhuhuri na moyo unasimama saa saba na dakika thelathini na tano mchana. Kumbe alfajiri ya siku hiyo baba yake mzee amefariki Unguja.

Sasa pima uzito wa tofauti ile. Kwa Amman, dereva alikufa Jumanne, kabla ya baba. Baba anapata sudusi ya mali ya mwanawe, nayo inaingia katika mirathi ya baba mwenyewe. Dereva hamrithi baba yake, na watoto wa dereva wanazuiwa na baba zao wadogo walio hai. Kwa Makka, baba ndiye aliyetangulia. Dereva anapata fungu la mtoto wa kiume, na fungu hilo linashuka kwa mkewe na wanawe. Eda ya mjane, miezi minne na siku kumi, nayo inaanza siku tofauti. Nimelikalia hili kwa sababu wanafunzi wengi huona saa ya kifo kama jambo la karani wa hospitali. Mbele ya kadhi, yatima wanaweza kupata shamba la babu yao au kulikosa kwa sababu ya saa hizo ishirini na moja.

Na figo? Kwa msimamo wa Makka njia inayobaki ni kutoa viungo baada ya moyo kusimama. Mashine inazimwa, familia inakaa naye, timu ya upasuaji inasubiri mbali. Moyo ukisimama, Uingereza wanahesabu dakika tano kamili bila mpigo ndipo kifo kinathibitishwa, kisha anapelekwa haraka chumba cha upasuaji. Kwa mgonjwa aliyekwisha kupoteza pumzi yake kabisa, kama huyu, moyo kwa kawaida hausubiri sana. Kwa mwenye uharibifu wa ubongo usiofikia hapo, unaweza kuendelea kwa saa nyingi. Ukiendelea mno, figo zinakuwa zimekosa damu muda mrefu, utoaji unafutwa, na mgonjwa anarudi kwenye utunzaji wa mwisho wa uhai. Familia ielezwe hilo mapema.

Njia hii nayo ina ugumu wake. Dakika tano baada ya moyo kusimama, huenda kukanda kifua kungeurudisha. Haurudi kwa sababu tumeamua kutokanda. Je, huko ndiko kusimama kabisa? Wengi wanaona inatosha kwamba hautarudi wenyewe na hakuna atakayeurudisha, nami naona hoja hiyo inasimama pale tu uamuzi wa kutokanda ulipofanywa kwa haki kabla viungo havijatajwa. Haisimami vizuri pale ambapo, baada ya kutangaza kifo, madaktari wanaunganisha pampu inayozungusha damu upya ndani ya mwili huku wakifunga mishipa iendayo kichwani. Ukisema amekufa kwa kuwa damu imesimama, kisha ukaizungusha, umeiondoa sababu yako mwenyewe. Chama cha madaktari wa tiba cha Marekani kilitaka utaratibu huo usitishwe mwaka 2021, na fatwa za miaka ya themanini hazikuujua. Usizitumie kuuhalalisha.

Kwa Wakatoliki muundo ni uleule wa maswali mawili, ila jibu limekwenda upande mwingine. Novemba 1957, kabla dhana ya kifo cha ubongo haijatungwa, Papa Pio XII aliwaambia madaktari wa usingizi kwamba mashine ya kupumulia kwa aliyezama katika koma ni njia isiyo ya kawaida, kwa hiyo inaweza kuondolewa hata kabla kifo hakijathibitishwa. Kuitambua saa ya kifo aliwaachia wao. Swali la pili lilijibiwa Agosti 2000, Papa Yohane Paulo II alipowahutubia wataalamu wa upandikizaji Roma. Alisema kusimama kabisa kwa kazi zote za ubongo, yaani ubongo mkubwa, ubongo mdogo na shina, kukithibitishwa kwa ukali unaostahili, hakuonekani kupingana na mafundisho sahihi juu ya mwanadamu, na kunampa daktari uhakika wa kimaadili. Basi dereva wetu angekuwa Mkatoliki, moyo wake ungeweza kutolewa ukidunda. Lakini angalia: Papa alizitaja sehemu zote za ubongo. Ile hipothalamasi inayofanya kazi inamsumbua Mkatoliki makini kama inavyomsumbua anayefuata Amman.

Kwetu Tanzania upandikizaji wa figo ulioanza Muhimbili mwaka 2017, na Dodoma mwaka uliofuata, umetegemea ndugu walio hai. Kwa hiyo katika wodi zetu za mahututi swali linaloletwa na familia kwa kawaida ni lile la kuzima mashine peke yake. Jibu hilo usilivike nguo ya kifo cha ubongo kama hujapima. Andika kwenye faili kwamba tiba imesitishwa kwa kukosa faida, andika nani walishauriana, kisha moyo ukisimama andika saa yake. Na pale utoaji wa viungo utakapowezekana, anayeamua kuzima asiwe mmoja wa wanaosubiri figo, na mazungumzo ya kuzima yafungwe kabla ya yale ya kutoa kufunguliwa.