Kisamvu kwako, sombe kwa jirani

Mfuko wangu wa kwanza wa majani ya muhogo yaliyogandishwa uliandikwa KISAMVU kwa herufi kubwa, na chini yake picha ya bakuli lililojaa tui zito. Mimi ni wa Tanga, na kwetu kisamvu bila nazi ni adhabu. Mchapaji alinipa bei nafuu kwa mifuko 5,000, nikachukua yote. Nikapeleka katoni 40 kutoka Rotterdam hadi duka moja la Brussels, mtaa wa Matonge. Wiki tatu baadaye mwenye duka, mama wa Bukavu, akanipigia simu: "Mama, watu wanafungua friza, wanauliza sombe iko wapi. Wanashika ile yako, wanarudisha."

Majani ni yale yale, yametwangwa vile vile. Ila kwa Mkongo wa mashariki ni sombe, kwa Mrundi na Mnyarwanda ni isombe, na kwa Mkongo anayezungumza Kilingala ni pondu. Maduka ya Wafaransa na Wabelgiji yamezoea kuandika saka-saka. Wakenya wa bara wengi hawayali kabisa, wa pwani ndio wanayajua kwa jina letu. Nilikuwa nimeandika neno sahihi la Kiswahili na kumfukuza mteja anayezungumza Kiswahili.

Nawaambia hili nyinyi mnaoanza kwa sababu karibu kila mtu anayenijia na wazo la kuwauzia chakula "Waswahili wa ughaibuni" ana mteja mmoja kichwani: mtu wa kwao. Kabla hujatengeneza nembo, amua unaingia mji gani, halafu uliza nani anaishi pale. Brussels, wateja wako wengi wa Kiswahili watakuwa watu wa Bukavu, Goma na Lubumbashi. London utakutana na Watanzania, Wakenya, Wazanzibari na watu wa Barawa ya Somalia. Kiswahili kinawaunganisha sokoni, jikoni kila mmoja na kwao.

Njia rahisi ya kujua ni kusoma oda zako za WhatsApp. Usiwaulize watu "mnaiitaje?", kwa sababu wakijua wewe ni Mtanzania watakujibu kwa adabu kwa neno lako. Angalia wanachoandika wenyewe wanapotaka mzigo. Nilipopekua oda za miezi miwili kutoka Ubelgiji, sombe ilitajwa zaidi ya mara mbili ya kisamvu, na hiyo ni baada ya mimi kuandika kisamvu kila mahali.

Picha nayo ilikuwa na kosa lake. Weupe wa tui ulimwambia Mkongo kwamba chakula hiki si chake, maana sombe yake huiva kwa mawese na hutoka na wekundu wa mafuta, mara nyingi na samaki mkavu ndani. Ningeweka picha yenye mawese ningempoteza wa Tanga na Unguja. Mwishowe nikaondoa chakula kilichopikwa, nikaweka majani mabichi yaliyotwangwa ndani ya kinu, mchi umelazwa pembeni. Kinu hakina utaifa. Picha hiyo imedumu mpaka leo.

Sasa jina la brandi yenyewe. Hilo ni tofauti na jina la chakula, na wanaoanza huyachanganya. Jina la chakula linaweza kubadilika kwa kila soko, la brandi linabaki moja kokote, kwa hiyo lazima lisafiri vizuri. Mimi nilitaka jina lenye neno "bibi", nikimfikiria bibi yangu aliyenifundisha kupika. Rafiki yangu wa Nairobi alicheka mpaka akakaa chini. Kwao bibi ni mke, na Kongo pia ni mke. Nilichokiona kama kumbukumbu ya mama yake mama, wao walikisoma kama mwanamume anayemtangaza mkewe. Nikasema basi niandike "nyanya", neno la Wakenya kwa bibi. Mtanzania akisoma nyanya kwenye mfuko wa chakula anatafuta tungule. Nikaliacha.

Jaribu jina kwa watu wanne angalau: wa pwani, wa bara Kenya, wa mashariki ya Kongo, na kijana aliyezaliwa huku Ulaya. Huyo wa mwisho mwambie alisome kwa sauti. Akikwama kwenye "ng'" au "mch", keshia wa duka atakwama pia, na mteja hataweza kuliagiza kwa simu.

Jina likishapita hapo, litafute TMview, hifadhi ya bure ya alama za biashara, kabla hujalipa mchoraji. Kusajili mtandaoni kwa EUIPO, ofisi ya alama za biashara ya Umoja wa Ulaya, ni euro 850 kwa daraja moja la bidhaa na 50 kwa la pili. Mboga zilizogandishwa na samaki wakavu wako daraja la 29, unga na viungo daraja la 30, kwa hiyo wengi wetu tunahitaji yote mawili. Usajili huo haufiki Uingereza. Tangu Uingereza itoke kwenye Umoja wa Ulaya, huko unaomba upya na kulipa upya. Na usidhani neno la Kiswahili halina mwenyewe: Disney walisajili "hakuna matata" Marekani mwaka 2003 kwa ajili ya nguo, msemo ambao nyumbani Tanga husikii mtu akiutumia ila kwa watalii.

Kuna jina la tatu, nalo huchagui wewe. Sheria ya lebo ya Umoja wa Ulaya, namba 1169/2011, inataka chakula kielezwe kwa jina ambalo mnunuzi wa nchi ile ataelewa, na jina la brandi haliwezi kushika nafasi hiyo. Sombe na kisamvu havitoshi. Lazima uandike "majani ya muhogo yaliyotwangwa, yaliyogandishwa" kwa Kifaransa na Kiholanzi kwa ajili ya Brussels, kwa Kijerumani kwa ajili ya Ujerumani. Urefu wa herufi ndogo kama "x" usipungue milimita 1.2 kwenye mfuko wa kawaida. Niliwahi kuyabana maneno hayo chini ya mfuko ili kinu kionekane vizuri, duka likarudisha mzigo wote.

Maelezo ya kupika usiyaone kama pambo. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, na aliyezaliwa Antwerp hakumwona mama akiacha sufuria wazi ichemke. Mimi naandika kwa Kiswahili kifupi cha amri: "Chemsha kwanza bila kufunika. Usile bila kupika." Wa Bukavu na wa Mombasa wote wanakielewa hicho, na lugha ya nchi inafuata chini yake.

Kuhusu ile mifuko 5,000: nilibandika stika ya SOMBE juu ya tui. Gundi ya kawaida ilibanduka kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, nikanunua stika za friza na kuanza upya, kwa mkono, wikendi tatu na watoto. Siku hizi nachapisha mfuko mmoja wenye brandi na kinu, na nafasi tupu ya sentimita 8 kwa 10 mbele. Stika ya Brussels ina SOMBE kubwa na pondu, saka-saka chini yake. Ya London ina KISAMVU kubwa na sombe chini, pamoja na anwani ya mwagizaji aliyeko Uingereza, ambayo tangu Januari 2024 ni lazima, ya Rotterdam haikubaliki tena. Mama wa Bukavu sasa anachukua katoni 60 kwa mwezi, na bado ananiita mtu wa nazi.