Picha imefika bila neno, na haifunguki

*Ndugu fundi, niko Goma, ninauza inveta na betri za sola. Wateja wa vijijini wananitumia picha kwa WhatsApp bila kuandika kitu. Mara nyingi naona ukungu tu, picha haifunguki. Nimjibu nini mteja?*

Mama, usiandike "nimeona". Mteja akisoma hivyo anajua umeshaelewa shida yake, anakaa kungojea dawa.

Mimi nilifanya kosa hilo hapa Bukavu. Mteja wangu wa Idjwi alituma picha, nikaona ukungu wenye rangi ya kioo cha inveta. Kwa kuwa betri yake ilikuwa na tabia ya kuisha, nikamjibu: "Nimeona, ngojea jua." Alilala gizani siku mbili. Kumbe kioo kilikuwa kinaonyesha 07, na kwenye inveta niliyomfungia, 07 ni mzigo umezidi. Betri kushuka ni 04. Walikuwa wamechomeka pasi. Kuichomoa na kuwasha inveta upya kungetosha.

Ule ukungu unadanganya. Ni kipicha kidogo kinachosafiri ndani ya ujumbe wenyewe, na picha kamili inapakuliwa peke yake. Kwa hiyo ukungu unaweza kufika na picha isije. Jaribu kufungua picha ya mtu mwingine iliyoingia leo. Nayo ikikataa, shida iko kwako: mega zimekwisha, simu imejaa, ama tarehe ya simu si sahihi (hii ya tarehe watu wengi hawaifikirii). Ikifunguka, basi ni ile moja tu yenye kasoro, na mteja ataituma upya kutoka kwenye galari yake.

Lakini usianze na "tuma tena". Mtandao wa kwake ukiwa dhaifu, atamaliza mega na picha huenda isifike. Maneno ni mepesi, yanapita pale picha inapokwama. Mimi siku hizi naandika hivi:

"Papa, picha yako imefika lakini kwangu haifunguki, sijaona kilichomo. Niandikie namba iliyo kwenye kioo cha inveta. Taa nyekundu inawaka moja kwa moja ama inapepesa? Ulikuwa umechomeka nini? Kama kuna moshi ama harufu ya kuungua, zima kwanza, kisha unipigie."

Swali la taa ungeliuliza hata kama picha ingefunguka. Kwenye inveta nyingi za aina hii, nyekundu inayopepesa ni onyo, na isiyopepesa ni hitilafu iliyokwisha kuizimisha. Picha haiwezi kukuonyesha tofauti hiyo.

Asiyejua kuandika, mpigie. Sauti ya WhatsApp nayo inapakuliwa, inaweza kukwama vilevile. Akikutajia namba, muulize na jina la inveta kabla hujatoa jibu, maana kila kiwanda kina namba zake.