Kosa Lililojificha Kwenye Urefu wa Uzi

Juma lililopita niliandikiwa na msomaji, mwanafunzi wa kidato cha sita, kwamba amelirudia jaribio la pendulamu mara tano na bado thamani ya g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia, inamjia karibu 9.5 m/s², akataka kujua arudie mara ngapi tena. Swali lake lilinigusa, kwa sababu nilipokuwa kidato hichohicho nilifanya kosa lilelile, nami pia nikaambiwa nirudie, na hakuna aliyenieleza kwamba kurudia kusingenisaidia kitu.

Nilikuwa nimefunga tufe la chuma kwenye uzi, nikaubana uzi kati ya vipande viwili vya kizibo, kisha nikapima urefu kwa rula ya mita kutoka kwenye kizibo hadi pale uzi ulipoishia, yaani juu ya tufe. Kwa kila urefu nilihesabu mibembeo ishirini, kila mmoja ukiwa ni kwenda na kurudi, na nilipima mara tatu. Kwa urefu wa sentimita 60 saa ilisoma sekunde 31.3, kisha 31.6, kisha 31.4. Tofauti hizo ndogo, zinazopanda na kushuka bila mpangilio, ndizo kosa la nasibu: kidole huwahi mara moja na kuchelewa mara nyingine. Wastani huzipunguza, na kuhesabu mibembeo ishirini badala ya mmoja hulisaidia jaribio zaidi, kwa kuwa yumbo la sekunde 0.15 hugawanywa kwa ishirini na kubaki chini ya sekunde 0.01 katika kipindi, yaani muda wa mbembeo mmoja. Ukipima mbembeo mmoja tu, sekunde hizo 0.15 ni karibu sehemu moja ya kumi ya kipindi chote, na kwa kuwa kipindi huzidishwa kwa chenyewe katika hesabu, g huyumba kwa karibu mara mbili ya kiasi hicho.

Kwa hiyo saa yangu haikuwa na tatizo. Nilipokokotoa g kwa kila urefu, nilipata 9.23 kwa sentimita 20, 9.50 kwa 40, 9.59 kwa 60, 9.64 kwa 80 na 9.66 kwa 100. Nilichukua wastani, nikapata 9.52, nikaandika kwamba tofauti imetokana na makosa ya kibinadamu na upepo. Mwalimu aliikata sentensi hiyo kwa wino mwekundu bila neno lolote, na nakiri kwamba wino ule uliniuma kwa muda mrefu.

Zitazame tena namba hizo. Hazizunguki thamani moja. Zote ziko chini ya 9.78, ambayo ndiyo karibu na thamani halisi katika pwani yetu iliyo jirani na ikweta, na zinapanda kadiri uzi unavyorefuka. Nasibu haipangi foleni namna hiyo. Tufe langu lilikuwa na nusu kipenyo cha sentimita 1.2, na urefu wa pendulamu hupimwa hadi katikati ya tufe, hivyo kila kipimo changu kilipungua sentimita 1.2 zilezile. Upungufu huo ni mkubwa kwa uzi wa sentimita 20 na ni mdogo kwa uzi wa mita moja. Hilo ni kosa la kimfumo, na ningerudia mara mia lingebaki palepale.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikiandaa maabara kwa wanafunzi wengine, nilichora grafu ambayo ningepaswa kuichora siku ile: mraba wa kipindi dhidi ya urefu uliopimwa. Mstari ulinyooka, lakini haukupita kwenye sifuri. Ulikata mhimili wa urefu kwenye −1.2. Mteremko wake ulinipa 9.78, kwa sababu upungufu ulio sawa kwa kila urefu huusogeza mstari bila kubadili mwinamo wake. Nilifurahi mno siku hiyo.

Ndiyo maana nawasihi mchore grafu kabla ya kutaja chanzo chochote cha kosa. Mstari ukipita kwenye sifuri na g ikawa mbaya kwa kiwango kilekile kila mahali, basi urefu hauna hatia. Aliyesema "moja" wakati wa kuachia tufe, badala ya "sifuri", hupima muda wa mibembeo kumi na tisa akaugawanya kwa ishirini, naye hupata g karibu 10.8 kwa kila urefu. Aliyelivuta tufe hadi pembe ya nyuzi 30 hurefusha kipindi kwa takriban asilimia 1.7, na g hushuka hadi karibu 9.45; chini ya nyuzi 10 athari hiyo haifiki asilimia 0.2.

Ukinzani wa hewa, ambao karibu kila ripoti huutaja, hupunguza upana wa mbembeo lakini kipindi cha tufe la chuma huuacha karibu kama kilivyo. Kwa hiyo, msomaji wangu, usiutaje kabla hujajiuliza ungeisukuma g upande gani na kwa kiasi gani. Chukua vernia, upime kipenyo cha tufe lako, gawanya kwa mbili, kisha ulinganishe na mahali mstari wako unapokata mhimili.