Mpira wa kurusha umeingia wavuni, refa akakataa goli

"Wakuu, jana mechi ya ndondo hapa Moshi beki wetu karusha mpira wa nguvu, kipa kauacha ukapita, ukaingia wavuni. Refa katoa goli kiki! Huu si uonevu? Na wale jamaa walidai eti tulirusha vibaya."

Mkuu, nimepuliza filimbi mechi za mchangani Moshi na Arusha, na huyo refa alikuwa sahihi. Kipa wa wapinzani wenu naye alijua anachofanya. Mpira wa kurusha ukiingia golini kwa mpinzani bila kuguswa na mtu ni goli kiki. Ukiingia golini kwako mwenyewe ni kona. Lakini kipa huyo angenyoosha mkono, mpira ukamparaza hata ukucha, hilo lingekuwa goli halali.

Ndiyo maana refa hapo anaangalia mguso tu. Mwaka 2002 Uingereza, Birmingham wakicheza na Aston Villa, Olof Mellberg wa Villa alimrushia kipa wake Peter Enckelman. Kipa haruhusiwi kudaka mpira aliorushiwa moja kwa moja na mwenzake, kwa hiyo alitaka kuutuliza kwa mguu. Ukampita chini ya soli ukaingia wavuni. Refa David Elleray aliona kaugusa, akatoa goli. Enckelman akashikilia kwamba hakuugusa. Kama ni kweli, Birmingham walistahili kona tu.

Sababu ya sheria yenyewe nionavyo mimi iko wazi: kurusha ni njia ya kurudisha mpira uwanjani, tena kwa mikono, na anayepokea moja kwa moja kutoka kwa mrushaji haotei. Ukiruhusu na goli la moja kwa moja, timu ingejaza watu mbele ya kipa na kumtafuta mwenye mabega tu, mchezo ukawa wa mikono.

Sasa hilo la kurusha vibaya. Mrushaji anatazama uwanja, sehemu ya kila mguu iwe juu ya mstari au chini nje ya mstari, mpira ushikwe kwa mikono yote miwili, utoke nyuma ya kichwa na kupita juu yake, pale pale ulipotokea. Kukanyaga mstari si kosa. Kuinua kisigino si kosa pia, mradi vidole vimegusa ardhi. Hapa ndipo mashabiki wetu hupiga kelele bure. Kosa ni mguu mmoja kuning'inia hewani, au mpira kuachiwa mbele ya uso kama anayetua ndoo.

Akikosea, wapinzani ndio wanarusha, hapo hapo. Kwa hiyo kama beki wenu kweli aliinua mguu, hata kipa angeugusa mpira ukaingia, goli lisingekuwepo na msingepata hata kona.