Taa Isiyowaka Ndiyo Iliyoniumbua

Jumamosi iliyopita nilikuwa Tudor, hapa Mombasa, na mwanafunzi wa udereva wa siku ya tatu, simu ikaita. Alikuwa binti niliyemfundisha mwaka jana, mmoja wa wale ambao mwalimu hujivunia. Alipita mtihani mara ya kwanza, na hata kusukuma gari rivasi alikuwa akisukuma kwa utulivu kuliko wanaume wengi niliowafundisha. Sauti yake ilikuwa chini.

"Mwalimu, gari limenizimia Mazeras. Nilisikia ndani kunagonga kama kokoto kwenye mkebe, halafu likakata nguvu mlimani. Lakini dashibodi haikuwaka kitu. Nimeangalia kabla ya kutoka, ilikuwa safi kabisa."

Nilimchukua fundi wangu Changamwe tukapanda. Alipochomoa kijiti cha kupimia oili, kilitoka kikavu mpaka nchani. Ile injini ndogo inabeba kama lita tatu na nusu, na tulipofungua nati ya chini haikutoka hata lita moja. Fundi akaingiza mkono pembeni ya bloku, akavuta kitu akanionyesha. Ulikuwa waya wa swichi ya oili, umechomolewa, kichwa chake kimefungwa utepe mweusi na kufichwa nyuma ya bomba. Gari lile binti alikuwa amelinunua wiki tatu tu kabla, kwa mtu binafsi. Nani aliuchomoa na lini sitajua, ila utepe haujifungi wenyewe.

Beringi za krenki zilikuwa zimelika. Injini imekwisha.

Binti hakunilaumu. Alisema jambo moja tu, na kwa adabu: "Lakini mwalimu, ulitufundisha kwamba dashibodi ikiwa safi, gari liko salama."

Ni kweli, niliwafundisha hivyo. Kwa miaka yote niliyofundisha hapa Mombasa, somo langu la dashibodi lilikuwa hili: washa gari, tazama kama kuna taa nyekundu, kama hakuna, nenda. Somo la dakika tano, tena nilikuwa nalifanya huku nikijibu simu. Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nilikaa na daftari nikaliandika somo upya, na ndilo ninalowapa leo, nyinyi walimu wenzangu na nyinyi mnaojifunza.

Kosa langu lilikuwa moja. Niliwafundisha kutafuta taa inayowaka, sikuwafundisha kutafuta taa ambayo ilipaswa kuwaka na haikuwaka.

Swichi ya oili katika magari mengi ya kawaida ni kitu rahisi. Injini ikiwa imezimwa hakuna presha ya oili, kwa hiyo swichi inafunga njia ya umeme na taa inawaka. Injini ikiwaka, presha inapanda, swichi inaachia, taa inazimika. Sasa chomoa ule waya: njia imekatika, taa haiwezi kuwaka tena, presha iwepo isiwepo. Dereva anaona dashibodi safi na anashukuru Mungu. Na si lazima awe mtu mwenye hila. Hewa yetu hii ya chumvi inakula vichwa vya waya taratibu, na balbu nayo huungua.

Kwa hiyo gari lenyewe limepewa mtihani wake, nasi tunauruka kila siku kwa haraka. Ukizungusha ufunguo hadi ON bila kwenda kwenye stata, gari linajiwashia taa zake za onyo makusudi, ili uone kama ziko hai. Watu wengi wanapita ON kwa nusu sekunde. Hapo ndipo ninaposimama sasa na mwanafunzi kwa nusu saa nzima ya somo la kwanza, gari likiwa limeegeshwa chini ya mwarobaini, handibreki imepandishwa, gia iko huru. Jua likiwa kali taa hazionekani, basi natandika leso juu ya dashibodi kama pazia. Msicheke leso, inasaidia.

Mwanafunzi anazungusha hadi ON, anaondoa mkono kwenye ufunguo kabisa, anahesabu kwa sauti hadi kumi huku kidole kikigusa taa moja moja. Gari la kubonyeza kitufe linataka uangalifu wake: katika mengi ya Kijapani tunayoendesha hapa, unabonyeza mara mbili bila kukanyaga breki. Ukikanyaga breki injini itawaka na mtihani umekupita.

Katika kuhesabu kule kuna makundi mawili, na hili ndilo nataka mlishike. Kuna taa zinazojizima zenyewe baada ya sekunde chache, injini ikiwa bado haijawashwa. Hizo ni ABS, yaani ya mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukifunga breki, na ile ya mtu aliyeketi na mpira mbele ya kifua, yaani mfuko wa hewa. Halafu kuna taa zinazobaki zimewaka mpaka injini iwake: ya oili yenye umbo la birika, betri, na ile ya injini. Alama ya handibreki nayo inabaki, kwa sababu handibreki imepandishwa.

Kwa nini kuhesabu hadi kumi? Kwa sababu hila nyingine ni kubwa kuliko kuchomoa waya. Wapo wanaounganisha taa ya mfuko wa hewa iliyoharibika na waya wa taa nyingine, ya oili au ya betri, ili iwake na kuzimika kama kawaida. Ukiwasha gari kwa haraka hutagundua. Ukisubiri kwenye ON utaona: taa ya mfuko wa hewa haijizimi, inasubiri injini iwake, kisha inazimika papo hapo na ya oili kama mapacha. Taa ya mfuko wa hewa yenye afya haingoji injini. Mtu akikuuzia gari akakuharakisha kuliwasha, mwambie ngoja kwanza, nahesabu.

Baada ya kumi, mwanafunzi anawasha injini. Oili, betri na injini zinatakiwa zizimike ndani ya sekunde chache. Kisha anakanyaga breki, anashusha handibreki, anatazama duara jekundu lenye alama ya mshangao. Likizimika, vizuri. Likibaki, mara nyingi mafuta ya breki yameshuka, na gari haliondoki mpaka tufungue boneti na kutazama kikopo chake kama kiko kati ya MIN na MAX. Yameshuka kwa sababu pedi zimelika au kwa sababu kunavuja mahali, na kuongezea tu hakujibu swali hilo. Pedali ikizama chini chini, hapo hakuna safari.

Nilijaribu somo hili Jumatatu, na nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Kabla mwanafunzi hajaja, nilimwomba fundi auchomoe ule waya wa oili kwenye gari langu la mafunzo. Ni gari la zamani, swichi yake ni ya waya mmoja na inafikika bila kufungua kitu. Mwanafunzi wa kwanza alihesabu hadi kumi, akasema, "Ziko sawa, mwalimu." Hakuona. Nilimwonyesha, nikaurudisha waya, birika likawaka, akashika kichwa. Nadhani hatasahau. Mwalimu mwenzangu ukitaka kufanya hivi, sharti ni moja: waya unarudi kabla injini haijawashwa, na ufunguo unakaa mfukoni mwako wakati mkono uko chini ya boneti.

Kupanga alama ni kazi ya nyumbani, na hapo sikai sana. Nimechora alama kwenye vipande vya boksi, naweka bakuli tatu, mwanafunzi anagawa: simama, nenda kwa fundi, habari tu. Nyekundu, njano, kijani na buluu. Rangi inafaa kwa kuanzia, ila ina mitego. Taa ya injini ya njano ikiwaka bila kupepesa ni ya bakuli la fundi, lakini ikipepesa, injini inakosa moto na inaunguza vitu kwenye ekzosi, kwa hiyo ondoa mguu, tafuta pa kusimama. ABS ya njano haimaanishi huna breki. Breki zipo, ila magurudumu yanaweza kujifunga ukikanyaga kwa nguvu. Ikiwaka pamoja na duara jekundu la breki, ihamishe bakuli la kwanza. Betri nyekundu watu wanaidharau, kumbe mkanda ukikatika, katika magari mengi ndio huohuo unaozungusha pampu ya maji, na dakika chache baadaye injini inachemka. Na kwenye gari ndogo zisizo na mshale wa joto, kipimajoto cha buluu kinasema tu injini bado baridi. Kwa joto letu hakikai sana. Kikigeuka chekundu, simama uzime, na usiguse kifuniko cha rejeta.

Birika ndilo la kuogopwa kuliko yote. Likiwaka ukiwa barabarani, huendi mpaka kituo cha mafuta kilicho mbele, hata ukikiona. Unasogea pembeni unazima. Likipepesa ukiwa umesimama kwenye foleni ya Likoni injini ikiwa moto, kisha likazimika ukikanyaga mafuta, usifurahi, kwa maana presha imeshaanza kuwa dhaifu. Tena taa ile inapima presha, haipimi kiasi. Ikiwaka kwa kuwa oili imepungua, umeshachelewa. Kwa hiyo kijiti bado ni kazi yako kila wiki: gari mahali tambarare, injini imezimwa dakika chache, futa, rudisha, chomoa tena, soma.

Nilipowaeleza walimu wenzangu pale kijiweni, mmoja aliniambia wanafunzi wanalipia kupita mtihani, hawalipii ufundi, na nusu saa ya kutazama taa ni petroli bure. Maneno yale yameniuma, nayaandika hapa kwa sababu mimi mwenyewe niliishi kwa maneno hayohayo. Mtihani unaisha siku moja. Yule binti alikuwa na leseni mfukoni, amesimama kando ya malori Mazeras, na alichokosa ni sekunde kumi ambazo mimi sikumpa. Ndugu walimu, tuwape. Msiseme hamna muda. Mnao, mimi nilikuwa nao nikautumia kwenye simu.

Jana nilikuwa na mama mmoja wa makamo, mwuguzi, somo lake la pili. Waya nilikuwa nimeuchomoa tena. Alizungusha hadi ON, akaondoa mkono, akaanza kuhesabu, kidole kikatembea. Kwenye nne akanyamaza. Akarudi nyuma, akapitia tena.

"Mwalimu," akasema, "birika langu liko wapi?"

Nikampokonya ufunguo, nikashuka kwenda kufungua boneti.